Barua ya wazi kwa meneja wa mradi: mkanda haukukatika, kitita cha nondo kiliteleza

Kwa Meneja wa Mradi wa Maghala,
Nakala: Wakurugenzi wa kampuni, mhandisi mshauri, na mwenye mradi.
Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KITITA CHA NONDO KILICHOTELEZA KWENYE KRENI, NA TAARIFA YA MISTARI MITATU ILIYOANDIKWA JUU YAKE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfungaji mizigo katika saiti yako. Kazi hii nimeifanya miaka 14, mingi nikiwa hapa hapa Tanga. Kabla ya ajali nilimwandikia afisa usalama kuhusu mikanda ya kunyanyulia, nikajibiwa kwa mdomo kwamba jambo linashughulikiwa. Baada ya ajali nimekuandikia wewe mara mbili, barua ya pili nikaipeleka kwa mkono na katibu muhtasi wako akaigonga muhuri wa kupokelewa. Sijapata jibu. Nilichopata ni taarifa ya ajali iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo, nayo inasema hivi: mzigo uliteleza wakati wa kunyanyuliwa, saidia fundi mmoja alikuwa ameingia eneo lisiloruhusiwa, wafanyakazi wanakumbushwa kuwa makini. Basi.

Mistari hiyo mitatu ndiyo iliyonifanya niandike hadharani. Kijana aliyevunjika mguu amegeuzwa kuwa chanzo cha ajali, na yaliyosababisha mzigo uteleze hayamo kabisa. Kwa heshima, naomba nieleze nilichokiona na nilichokipima.

Asubuhi ile ya Jumanne lori lilileta nondo za milimita 16, za urefu wa mita 12. Kreni ikaanza kushusha kitita kimoja kimoja. Mimi nilikuwa nimehamishiwa kwenye mbao za zege, umbali wa kama mita 20. Kitita cha nne kilipopanda nikaona kimeinama, ncha moja chini, nyingine juu. Nikapiga kelele kwamba kishushwe. Kreni ikaanza kuzunguka nacho badala ya kukishusha, mzigo ukapata mtikiso, na nondo zikachomoka kwenye mikanda kutoka kimo cha kama mita 4. Kitu kikidondoka kutoka mita 4 kinafika chini kabla ya sekunde moja kwisha, kikiwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Hakuna mtu anayekimbia nondo za mita 12 kwa muda huo. Kijana alikuwa anapanga vipande vya mbao vya kulazia nondo, kazi aliyotumwa na fomani, mahali alipoelekezwa na fomani. Ncha za nondo zilimpiga mguu chini ya goti.

1. Mzigo uliteleza kwa sababu ya namna ulivyofungwa

Siku ile ile, wakati kijana anapelekwa hospitali, nilichukua futi kamba nikapima mikanda miwili iliyotumika, nikaipiga picha ikiwa bado kwenye kulabu. Mmoja ulikuwa wa mita 6. Wa pili ulikuwa wa mita 5.

Ndugu Meneja, mambo yote yanaanzia kwenye mita ile moja, na naomba unifuatilie taratibu kwa kuwa hesabu yake si ngumu.

Mikanda ilikuwa imelazwa chini ya kitita kama bembea: mkanda unapita chini ya mzigo, na macho yake yote mawili yanaingia kwenye kulabu. Mkanda wa mita 6 ukikunjwa hivyo, kutoka kulabu hadi kwenye mzigo unabaki urefu wa kama mita 2.9. Ule wa mita 5 unabaki na mita 2.4. Kila mkanda ulikuwa umewekwa mita 2 kutoka katikati ya kitita, mmoja huku, mwingine kule. Alama za mikanda kwenye kutu ya nondo zilionekana wazi, nazo nimezipiga picha.

Mikanda ingekuwa sawa, kulabu ingekaa juu ya katikati ya kitita, na kitita kingepanda kikiwa kimelala. Lakini kwa urefu ule usiolingana, kulabu inavutwa upande wa mkanda mfupi, na kwa vipimo hivyo inaacha katikati kwa sentimita 33 hivi. Kitovu cha uzito hakikubali kukaa pembeni mwa kulabu, hujisogeza chenyewe mpaka kiwe chini yake. Matokeo yake upande wa mkanda mrefu unashuka na kitita kinainama kwa karibu nyuzi 11. Nyuzi 11 kwenye karatasi ni kidogo. Kwenye chuma cha mita 12 maana yake ni kwamba ncha moja iko chini kuliko nyingine kwa zaidi ya mita 2. Hicho ndicho nilichokiona nikiwa mita 20, na aliyesimama karibu alikiona vizuri zaidi kuliko mimi.

Chuma kikishainama hivyo, kinachokizuia kisiteleze ni mkwaruzo tu kati ya nondo na kitambaa cha mkanda. Mkanda uliolazwa kama bembea haukabi kitu, unabeba tu kutoka chini. Isitoshe, mikanda inayopanda kwa mshazari kuelekea kulabu moja huvutwa kuelekea katikati ya mzigo. Kwenye ncha iliyoshuka, nguvu hizo mbili zilisaidiana: nondo zilitaka kwenda chini na nje, mkanda ulitaka kwenda juu na ndani. Kitita kingeweza kuning'inia hivyo bila kuteleza kama kisingeguswa. Kreni ilipozunguka kwa ghafla, mtikiso mmoja ukatosha.

Vitita vitatu vya kwanza vilishuka salama kwa mikanda hiyo hiyo, na najua hilo litatajwa kama utetezi. Vilishuka salama kwa kuwa vilishushwa ubavuni mwa lori bila kuzungushwa. Cha nne kilipelekwa ng'ambo ya pili.

Kwa hiyo taarifa inaposema "mzigo uliteleza", inasema kweli ila haijasema kitu. Mkanda ukikatika, tunaulizana juu ya uzito na uchakavu. Mzigo ukiteleza na mikanda ikabaki mizima kwenye kulabu, tunaulizana juu ya ufungaji: nani aliamua ufungwe vile, na kwa karatasi gani.

2. Mpango wa kunyanyua haukuwepo

Niliomba kuuona mpango wa kunyanyua wa siku ile. Nilioneshwa faili. Ndani yake kuna mpango wa kupandisha kenchi za chuma za paa, wenye jina la kreni nyingine, na kenchi hizo hata hazijafika saiti. Sahihi zipo na muhuri upo, lakini nondo hazitajwi popote.

Najua wapo wanaosema kwamba kushusha nondo ni kazi ya kila siku, haihitaji karatasi. Kazi ya kila siku inahitaji karatasi moja, iandikwe mara moja na ifuatwe kila siku. Naomba nikuoneshe ingekuwaje, ili isionekane nadai mambo ya anasa.

Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita. Ya mita 12 inakaribia kilo 19. Kitita chetu kilikuwa na nondo 105, yaani karibu tani 2 kamili. Sasa chukua mikanda miwili ya mita 6 inayolingana, ya tani 2 kila mmoja, wa aina ile ile tuliyonayo stoo. Kila mkanda uzungushwe kitita mara mbili kisha ukabe, yaani jicho moja lipite ndani ya jicho la pili, ili mkanda ujikaze wenyewe kadiri mzigo unavyovuta. Mizunguko hiyo miwili inakula kama mita 1.2, na kukaba kunakula kidogo. Unabaki na mguu wa kama mita 4.7. Weka mikanda mita 3 kutoka kila ncha. Kila mguu utasimama kwa nyuzi 40 hivi kutoka wima, na kila mmoja utabeba tani 1.3.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Lebo ya mkanda inasema tani 2, lakini hiyo ni kwa mkanda uliosimama wima bila kukaba. Ukikaba, unahesabu asilimia 80 tu, yaani tani 1.6. Tani 1.3 kwa mkanda wa tani 1.6 ni salama. Sogeza mikanda mbali zaidi au tumia mifupi, pembe inapanuka na hesabu inabadilika. Mikanda ikifikia nyuzi 60 kutoka wima, kila mmoja unabeba tani 2 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Kwa mkanda unaokaba hapo tumeshapita kiwango, ingawa mtu wa kawaida atajumlisha tani 2 na tani 2 na kusema tuna nne, mzigo ni mbili, hofu ya nini.

Hesabu hiyo inaingia kwenye nusu ukurasa. Nusu iliyobaki ni ya njia utakayopita mzigo, umbali kutoka kreni hadi unapolazwa, eneo la kuzungushia utepe, nani peke yake anapiga ishara, na nani anashika kamba ya kuongozea mzigo. Siku ile ishara zilikuwa zinatoka kwa fomani chini na kwa dereva wa lori juu. Utepe haukuwepo. Hata kamba ya katani ya kuongozea, katika mji huu ambao mashamba yake yaliuza katani dunia nzima, haikufungwa kwenye ncha ya kitita.

Hapo ndipo lile neno "eneo lisiloruhusiwa" linaponiuma. Kijana angejuaje mahali pasiporuhusiwa wakati hapakuwekwa mpaka, hapakutangazwa, na yeye alitumwa pale pale?

3. Hali ya mikanda

Mkanda wa mita 5 hauna lebo. Rangi yake nadhani ilikuwa kijani, ambayo kwenye mikanda ya namna hii humaanisha tani 2, lakini jua na hewa ya chumvi vimeifanya iwe karibu nyeupe. Mkanda usio na lebo huwezi kusema unabeba kiasi gani, ulitengenezwa lini, wala ni kitambaa gani, kwa hiyo hautumiki. Hakuna mjadala juu ya hilo popote kazi hii inapofanywa kwa utaratibu. Kupauka nako si suala la sura: jua hula nyuzi za polyesta, zinakuwa ngumu na za vumbi ukizipitisha kidole.

Mkanda wa mita 6 una lebo, ila pembeni una mkato wa kama sentimita 3, mahali unapokutana na chuma. Mkato wa pembeni ni mbaya kuliko tundu dogo la katikati kwa kuwa mkanda ukilemewa huanza kuchanikia hapo. Sababu ya mkato naijua: nondo zina makali, na hatujawahi kupewa vipande vya kukinga, hata vya mpira wa tairi kuukuu.

Nitakubali kitu kimoja kwa haki. Mikanda hii hutengenezwa ivumilie mara 7 ya uzito ulioandikwa, na ndiyo maana siku ile haikukatika licha ya hali yake. Lakini ile mara 7 ni ya mkanda mpya. Kwa mkanda uliokatwa na kuungua jua, hujui umebaki na mara ngapi.

Kwa nini tulitumia mmoja wa 6 na mmoja wa 5? Kwa sababu mwenzake yule wa mita 6 ulichanika miezi iliyopita na ombi la kununua mwingine lipo stoo. Niliandika ombi hilo mimi. Niliandika pia kwamba mikanda ihesabiwe kwa namba, itundikwe kivulini badala ya kuachwa juu ya kontena, na ikaguliwe na mtu mwenye ujuzi angalau kila miezi 6. Kipindi hicho sikukitunga. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zimekiandika kwa vifaa vya kufungia mizigo, na wakandarasi wengi wa nje waliopita pwani hii wametufanyia hivyo. Ukaguzi wa macho unafanywa kila siku kabla ya kazi, na hauchukui dakika tano.

Jambo la mwisho kuhusu mikanda. Jioni ya Jumanne ile iliondolewa, na Jumatano asubuhi nikaambiwa imetupwa. Kreni nayo iliendelea na kazi dakika 40 baada ya ajali. Hata ajali ya bodaboda pale Ngamiani, watu wanaacha pikipiki ilipo mpaka askari wapime. Picha ninazo, vipimo ninavyo, lakini mikanda yenyewe ndiyo iliyokuwa shahidi mkuu, na ilipaswa kufungwa kwenye mfuko, kuwekwa alama na kufungiwa.

4. Aliyekuwa kwenye usukani wa kreni

Naliandika hili kwa uzito kwa sababu linamgusa mtu ninayemheshimu. Opareta wetu mwenye cheti alikuwa na ruhusa, amekwenda msibani Korogwe. Aliyekaa kwenye kreni ni dereva wa tipa. Ana leseni halali ya gari kubwa na barabarani hana shida yoyote. Leseni ile inamruhusu kuendesha lori. Haisemi lolote kuhusu kunyanyua. Cheti cha opareta kinataja aina ya kreni na uwezo wake, na kina tarehe ya kwisha. Mwenye cheti cha foklifti hapaswi kupanda kreni, sembuse asiye na cheti chochote. Hakujipandisha mwenyewe. Aliambiwa apande, na alipoonesha kusita akaambiwa mbona umemwona mwenzio akifanya.

Mtu aliyefundishwa angefanya nini tofauti? Angenyanyua mzigo sentimita 20 au 30 tu kutoka kwenye lori, akasimama, akautazama. Katika kimo hicho ule mwinamo ulikuwa umeshajionesha wote. Ungeshushwa, mikanda ikapangwa upya, na hadithi ingeishia hapo. Angejua pia kwamba ishara ya kuendelea anaipokea kwa mtu mmoja, lakini ishara ya kusimama anaipokea kwa yeyote, hata kwa muuza maji aliyesimama getini. Nilipopiga kelele, dereva yule alimtazama fomani kwanza. Simlaumu, hakuna aliyemwambia.

Na hapa niseme juu ya wafungaji na wapiga ishara pia, tukiwamo sisi wenye miaka mingi. Waliofunga kitita siku ile ni saidia mafundi wawili ambao hawajawahi kufundishwa tofauti ya kubembea na kukaba. Mfungaji pekee aliyefundishwa alikuwa amehamishiwa kwenye mbao za zege, ndiye mimi. Niliuliza asubuhi ile nani anabaki kwenye kreni. Nikajibiwa ni nondo tu.

5. Kijana na taarifa

Kijana ana miaka 22, anakaa Makorora kwa dada yake. Kampuni ililipa matibabu ya siku ya kwanza, na kwa hilo ahsante. Tangu hapo halipwi kwa siku asizofanya kazi, akiambiwa ni kibarua wa siku. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa ajili ya mtu aliyeumia kazini kama yeye. Dai lake likienda likiwa limeambatanishwa na taarifa inayosema alijiingiza mwenyewe eneo la hatari, unaona mwenyewe linavyoanza safari likichechemea. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali kwa OSHA. Nimeuliza mara mbili kama taarifa ilitolewa na nakala yake iko wapi. Sijaoneshwa.

Yapo maelezo ambayo nimeyasikia ofisini na kijiweni, nami nayajibu mapema ili tusipoteze muda.

Imesemwa kwamba lori lilikuwa linalipiwa kwa kila saa linalosubiri. Ni kweli. Kupanga upya mikanda ya kitita kimoja ni dakika 10. Kazi ya nondo ilisimama siku mbili baada ya ajali, na hizo nazo zinalipiwa.

Imesemwa pia kwamba kreni ni ya tani 25 na mzigo ni tani 2 tu. Tani 25 ni uwezo wake mzigo ukiwa karibu kabisa na kreni, kama mita 3, na unapungua kadiri mkono unavyorefuka na kulala. Hata hivyo siku ile kreni haikulemewa, na mimi sijadai hivyo. Nguvu ya kreni haisaidii kitu kama kilichofungwa chini ya kulabu kinachomoka.

Na imesemwa kwamba upepo wa kusi ulivuma. Ulivuma, kama unavyovuma kila mwaka majira haya. Kwa mkandarasi aliyejenga pwani, upepo ni jambo la kuandikwa kwenye mpango. Na kitita chembamba cha chuma hakisukumwi na upepo kama inavyosukumwa bati. Kama kingefungwa kamba ya kuongozea, mtu mmoja angetosha kukituliza.

Ninachoomba, Ndugu Meneja, ni haya:

(a) Taarifa ya mistari mitatu iondolewe ubaoni na iandikwe upya. Itaje uzito wa kitita, urefu wa kila mkanda, namna ulivyofungwa, mahali ulipowekwa, hali ya mikanda, nani alikuwa kwenye kreni na cheti chake, nani alipiga ishara, na nani alimtuma kijana alipokuwa. Mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, bila fomani kukaa chumbani. Vipimo vyangu na picha nitavitoa.

(b) Nakala ya taarifa iliyopelekwa OSHA ioneshwe kwa wafanyakazi. Kama haijapelekwa, ipelekwe.

(c) Mikanda yote isiyo na lebo au yenye mkato iondolewe stoo na ikatwe vipande viwili mbele yetu, isirudi kwa mlango wa nyuma. Inunuliwe mingine kwa jozi zinazolingana. Mikanda ya ajali, kama bado ipo popote, ihifadhiwe.

(d) Kreni isinyanyue nondo mpaka uwepo mpango wa ukurasa mmoja kwa ajili ya nondo, usomwe asubuhi kwa Kiswahili mbele ya watakaofanya kazi hiyo. Niko tayari kukaa na mhandisi tuuandike, hata jioni baada ya kazi.

(e) Opareta asiye na cheti cha kreni ile asipande. Mwenye cheti akiwa na dharura, kreni ipumzike au aletwe mwingine. Saidia mafundi wanaofunga mizigo wapelekwe mafunzo, na mpaka watakaporudi wasifunge.

(f) Dai la kijana lipelekwe Mfuko wa Fidia likiwa na maelezo ya kweli, na alipwe siku anazouguza mguu.

Natoa siku 14. Zikipita bila jibu la maandishi, picha, vipimo na nakala za barua zangu tatu nitazipeleka mwenyewe kwa wakaguzi wa OSHA. Nimeandika jina langu kwenye nakala iliyokuja ofisini kwako na sahihi ipo. Hapa sikuliweka, wala la kampuni, kwa kuwa ninachotaka ni kazi irekebishwe.

Jumatatu lori jingine la nondo linatarajiwa. Nimeambiwa nibaki kwenye mbao za zege. Naomba siku hiyo nirudishwe kwenye kreni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfungaji mizigo,
Saiti ya maghala, Tanga.